Toleo Bovu Likishatoka

*Kutoa aplikesheni kwa awamu huwakinga ambao hawajafikiwa. Waliokwisha kufikiwa wanahitaji swichi ya kuzima, na watengenezaji wengi huiweka mahali ambapo haiwezi kufanya kazi.*

Jumatano ya tarehe 6 Mei 2020, jioni kwa saa za Marekani na usiku mkubwa kwa saa za Afrika Mashariki, watu waliogusa alama ya Spotify kwenye simu zao za iPhone waliona kioo kikimulika kidogo, kisha kikarudi kilipokuwa. Wakagusa tena, ikawa vilevile. Waliojaribu TikTok walikutana na jambo hilohilo, na waliotaka kuagiza chakula kwa DoorDash au kutuma pesa kwa Venmo nao hawakufika popote.

Kampuni hizo hazihusiani, na kilichowaangusha watu jioni ile hakikuwa toleo jipya walilopakua. Aplikesheni ilikuwa ileile waliyoitumia asubuhi.

Chanzo kilikuwa kifurushi kimoja cha msimbo kutoka Facebook, ambacho watengenezaji wengi hukiweka ndani ya aplikesheni zao ili watu waweze kuingia kwa akaunti ya Facebook na ili matangazo yapimwe. Kila aplikesheni inapofunguliwa, kifurushi hicho huuliza seva za Facebook kimepangiwa kufanya nini. Jioni ile seva zilijibu kwa data yenye umbo ambalo kifurushi hakikulitarajia. Kikashindwa kuisoma, kikaanguka, na kikaiangusha aplikesheni nzima.

Hata mtu ambaye hajawahi kuingia kwa Facebook alipatwa, kwa sababu kifurushi huamka mara tu alama inapoguswa. Facebook ilikiri kwamba mabadiliko ya upande wake ndiyo yaliyoleta tatizo, ikayarekebisha. Tarehe 10 Julai mwaka huohuo tukio la namna hiyo likajirudia, na Spotify, Pinterest na Tinder zikawa miongoni mwa zilizoanguka.

Kampuni kubwa za aina hiyo zina uwezo wa kutoa matoleo kwa awamu: asilimia ndogo ya watumiaji kwanza, kisha kusubiri, kisha kuongeza. Ngazi hizo hazikumkinga mtu siku hizo mbili. Ili kuelewa sababu, na kuelewa ni kinga gani ingefaa, inabidi kwanza tuone ngazi zenyewe zinavyofanya kazi na zinapoishia.

Ngazi za asilimia

Apple ina ratiba moja ambayo mtengenezaji huichagua au huiacha. Toleo jipya huwafikia asilimia 1 ya watumiaji siku ya kwanza, kisha asilimia 2, 5, 10, 20 na 50, na siku ya saba huwafikia wote. Akiona mambo si mazuri, mtengenezaji anaweza kusitisha, na jumla ya siku za kusitisha haiwezi kuzidi 30.

Ratiba hiyo inawahusu tu wale walioruhusu simu zao zijisasishe zenyewe. Anayeingia App Store na kugusa kitufe cha kusasisha hulipata toleo jipya siku hiyohiyo, hata kama ngazi iko kwenye asilimia 1. Anayepakua aplikesheni kwa mara ya kwanza naye hupewa toleo jipya.

Google Play haina ratiba ya siku. Mtengenezaji mwenyewe huandika asilimia anayoitaka, huchagua nchi akipenda, na huongeza kwa mkono wake. Watumiaji huchaguliwa kwa bahati nasibu. Akitaka kusimamisha, kuna kitufe cha kusimamisha, na kuanzia 2025 Google imeruhusu hata toleo lililokwisha kuwafikia wote lisimamishwe lisiendelee kugawiwa.

Hapo ndipo wengi hukosea kuelewa. Kusimamisha maana yake ni kwamba simu ambayo bado haijapata toleo lile haitalipata. Simu iliyokwisha kulipata inabaki nalo. Duka halina mkono wa kuingia kwenye simu ya mtu, kuling'oa toleo la 101 na kumrudishia la 100. Katika Android namba ya toleo hupanda tu. Ukitaka msimbo wa zamani urudi, unauchukua msimbo wa toleo la 100, unaupa namba 102, na unausambaza upya kama kitu kipya, nao unapita ukaguzi kama mengine.

> Kusimamisha kunamlinda ambaye hajafikiwa. Aliyefikiwa anabaki na toleo bovu mkononi.

Wakati mwingine hata njia hiyo haipo. Sonos, kampuni ya spika za Marekani, ilitoa aplikesheni mpya kabisa tarehe 7 Mei 2024. Wateja walilalamika kwamba ilikuwa na hitilafu nyingi na ilikosa mambo waliyoyazoea, wakadai ya zamani irudishwe. Agosti mwaka ule mkuu wa kampuni, Patrick Spence, alieleza kwamba wamelifikiria jambo hilo na wameliacha: programu za ndani ya spika na za kwenye seva zilikuwa zimebadilika, na aplikesheni ya zamani ingeleta matatizo mengine juu ya yale yaliyopo. Januari 2025 Spence aliondoka kwenye wadhifa wake.

Asilimia 1 inaonyesha nini

Faida yote ya awamu imo katika kugundua mapema. Kama kasoro haionekani ikiwa kwenye asilimia 1, ngazi zote zinazofuata ni kuchelewesha tu. Kwa hiyo inafaa kuingia ndani ya hesabu yenyewe.

Tuchukue mfano wa kubuni. Aplikesheni ya malipo ina watumiaji 400,000 kwa siku. Katika siku ya kawaida, watu 5 katika kila 1,000 hushuhudia ikijifunga yenyewe angalau mara moja, yaani asilimia 0.5. Timu inatoa toleo la 101 kwa asilimia 1, ambao ni watu 4,000. Kufikia jioni nusu yao, 2,000, wamekwisha kulipata na kulifungua.

Toleo hili lina kasoro. Ukurasa mpya wa risiti hupakia picha kubwa mno, na simu zenye RAM ya GB 2 huishiwa nafasi na kuifunga aplikesheni. Simu hizo ni asilimia 5 ya watumiaji wote, na tuseme nusu ya wenye simu hizo hufungua risiti kila siku.

Kama bahati nasibu imegawa sawasawa, kati ya watu 2,000 wamo 100 wenye simu ndogo, na 50 kati yao wameangushwa. Ongeza wale 10 wa kila siku, unapata 60, ambao ni asilimia 3. Kutoka asilimia 0.5 hadi 3 ni mruko ambao hata mtu mwenye usingizi angeuona.

Lakini siku ya kwanza haiwi hivyo. Simu yenye nafasi finyu mara nyingi haijisasishi, kwa sababu hifadhi imejaa au kwa sababu mwenyewe amezima masasisho ili bando lisiliwe. Simu nyingi husubiri waifai, na mwenye simu ya GB 2 si lazima awe na waifai nyumbani. Kwa hiyo wanaofika wa kwanza ni wenye simu kubwa na intaneti ya uhakika. Badala ya simu ndogo 100, jioni ya siku ya kwanza zimefika 10 tu.

Sasa hesabu inabadilika. Walioangushwa na kasoro ni 5. Jumla, pamoja na wale 10 wa kawaida, ni 15 katika 2,000, yaani asilimia 0.75. Timu inatazama chati, inaona kiwango kimepanda kidogo, inajiambia kwamba ni mawimbi ya kawaida ya siku. Na kwa takwimu hawajakosea: tofauti ya watu 5 inaweza kutokea bila kasoro yoyote. Wanapandisha hadi asilimia 5, kisha 20. Siku ya nne simu ndogo zinaanza kufika kwa wingi, na wakati huo wameangushwa mamia.

> Wanaofika wa kwanza ni wenye simu kubwa. Wanaoumia wanafika siku ya nne.

Kasoro hiyo ingeonekana siku ya kwanza kwa kufanya jambo moja: kuzigawa takwimu kwa aina ya simu. Katika kundi la simu za GB 2, watu 5 kati ya 10 wameangushwa. Hiyo ni nusu. Hakuna mawimbi ya kawaida yanayoweza kueleza nusu.

Kosa la pili, ambalo nalo ni la kawaida, ni kutazama kiwango cha aplikesheni nzima badala ya kiwango cha toleo jipya peke yake. Watu 5 wa ziada ndani ya 400,000 hawaonekani hata ukikodoa macho. Toleo la 101 lilinganishwe na toleo la 100, siku ileile, kwenye simu za aina ileile.

Google yenyewe inatambua tofauti ya aina za simu. Kipimo chake cha ubora kwenye Play kinaihesabu aplikesheni kuwa na tabia mbaya pale ambapo asilimia 1.09 ya watumiaji wa kila siku wanaishuhudia ikijifunga. Lakini kuna kipimo cha pili, asilimia 8, kinachohesabiwa kwa kila aina ya simu peke yake. Vyote viwili ni wastani wa siku 28. Vinafaa kwa kupanga nani apunguziwe nafasi ya kuonekana dukani, ila mtu anayetaka kusimamisha toleo jioni hii hawezi kuvingoja.

Ripoti isiyofika

Kuna jambo jingine ambalo chati hailisemi. Aplikesheni inapojifunga, kwa kawaida haiwezi kutuma ripoti palepale, kwa sababu imekufa. Vifaa vingi vya kukusanya ripoti, Firebase Crashlytics kikiwemo, huandika habari za kifo hicho kwenye hifadhi ya simu, kisha huzituma aplikesheni inapofunguliwa tena.

Mtu aliyekata tamaa na kuifuta aplikesheni hatumi kitu. Mtu aliyeishiwa bando atatuma kesho. Na kama aplikesheni inakufa kabla kifaa cha kukusanya ripoti hakijaamka, hakuna kinachoandikwa.

Matokeo yake ni kwamba kasoro mbaya kuliko zote, ile inayoiua aplikesheni mara tu inapofunguliwa, inaweza kuonekana kwenye chati kama utulivu. Wahandisi wazoefu kwa hiyo hutazama pia namba isiyohusiana na ripoti: ni watu wangapi wa toleo la 101 waliofika ukurasa wa mwanzo, au waliokamilisha malipo, kwa kila saa. Seva inazijua namba hizo bila kuambiwa na simu. Malipo kutoka toleo la 101 yakishuka ghafla huku ripoti zikiwa chache, basi huenda simu zimenyamaza kwa sababu aplikesheni haifunguki kabisa.

Nani abonyeze

Hapa pana mvutano wa kweli, na pande zote zina hoja.

Upande mmoja unataka mashine isimamishe yenyewe. Kiwango cha toleo jipya kikivuka mstari uliokubaliwa, usambazaji ukome bila kumsubiri mtu. Google Play inaruhusu hilo kufanywa kwa programu: badala ya mtu kubonyeza, seva ya timu hutuma amri ya kusimamisha. Hoja yao ni kwamba toleo likiharibika saa tisa usiku, mtu wa kuamka, kuingia kwenye mtandao wa ofisi na kutafuta ruhusa hupoteza saa nzima.

Upande wa pili unaogopa kengele za uongo. Watumiaji wakiwa wachache, watu watatu wenye simu mbovu wanaweza kuvusha mstari. Toleo zuri likisimamishwa mara kwa mara, timu itaanza kuizima kengele. Na toleo lenyewe huenda limebeba kiraka cha usalama; kulisimamisha ni kuwaacha watu na mlango ambao wezi wanaujua.

Wa tatu ni watu wa biashara. Wamelipia matangazo ya redio kwamba huduma mpya inaanza Ijumaa. Kwao, kumwambia mteja asubiri kwa sababu simu yake haijafikiwa na bahati nasibu ni aibu.

Nadhani upande wa kwanza uko sahihi kuhusu kusimamisha, kwa sababu makosa mawili yanayowezekana hayalingani. Ukisimamisha toleo zuri kimakosa, umepoteza saa chache, na unaweza kuendelea ulipoishia. Ukiacha toleo bovu likienda, kila simu inayolipokea haiwezi kurudishwa. Kinachotakiwa ni kuweka idadi ya chini kabla ya mashine kuamua, kwa mfano watu 5 tofauti kwenye aina moja ya simu, ili mtu mmoja asisimamishe kila kitu. Kuendelea, kwa upande mwingine, kuamuliwe na mtu aliyetazama chati.

Hoja ya kiraka cha usalama ni nzito zaidi. Kiraka kama hicho hutolewa peke yake, kikiwa kidogo kadiri iwezekanavyo, bila kubandikwa ukurasa mpya wa risiti. Kikiwa kidogo hivyo kinaweza kwenda haraka, hata kwa wote kwa siku moja, na aliyekiandika akajua anachohatarisha.

Ama watu wa biashara, tatizo lao lina dawa, na dawa hiyo ndiyo inayotufikisha kwenye swichi. Msimbo wa huduma mpya hupelekwa kwenye simu wiki mbili kabla ya Ijumaa, ukiwa umezimwa. Unapanda ngazi zote taratibu bila mtu kuuona. Ijumaa inapofika, seva hutoa ruhusa na huduma inawaka. Ikiharibika, ruhusa inaondolewa na huduma inazimika bila mtu kupakua chochote.

Swichi imewekwa wapi

Kwa yule aliyekwisha kupokea toleo bovu, swichi hiyo ndiyo msaada pekee wa haraka. Apple inasema asilimia 90 ya maombi hukaguliwa ndani ya saa 24; hiyo inaweza kuwa siku nzima kabla toleo la 102 halijaanza hata kusambazwa. Swichi inaweza kufanya kazi kwa dakika.

Inaweza, lakini mara nyingi haifanyi. Sababu ya kwanza ni muda. Timu nyingi hutumia Firebase Remote Config, ambapo simu huuliza mipangilio yake kwa seva. Kwa kawaida, usipobadilisha kitu, simu ikishauliza haitauliza tena mpaka saa 12 zipite. Mhandisi anaizima huduma saa mbili asubuhi, anapumua, na simu iliyouliza saa moja na nusu inaendelea kuanguka hadi usiku. Muda huo unaweza kufupishwa, na kuanzia 2023 kuna njia ya simu kupashwa habari papo hapo. Lakini ni lazima mtu awe ameiweka kabla ya siku ya tatizo.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Aplikesheni ikifa katika sekunde ya kwanza, na jibu la seva likachukua sekunde tatu kufika kwenye mtandao wa kasi ndogo, jibu hilo haliwahi kuikuta aplikesheni ikiwa hai. Swichi ipo, imezimwa, na seva inaitangaza. Simu haifiki mahali pa kuisoma.

> Swichi inatangazwa na seva, lakini aplikesheni inakufa kabla ya kuisikia.

Kwa hiyo swichi inahitaji mwenzake anayeishi ndani ya simu na asiyetegemea mtandao. Wazo lake ni jepesi. Kabla ya kufanya jambo lolote, aplikesheni inaandika kwenye hifadhi kwamba inajaribu kufunguka. Ikifunguka vizuri na kukaa sekunde 10, inafuta maandishi hayo. Ikikuta mara mbili mfululizo ilijaribu na haikufuta, inajua kwamba imekuwa ikifa mlangoni, na inafunguka kwa hali salama.

Kwa Android, mistari ya mwanzo kabisa inaweza kuwa hivi:

```kotlin
val n = prefs.getInt("majaribio", 0)
prefs.edit().putInt("majaribio", n + 1).commit()
val haliSalama = n >= 2
```

Neno `commit` pale lina kazi yake. Wengi wamezoea `apply`, ambayo huandika baadaye kidogo ili isicheleweshe kioo. Aplikesheni inayokufa upesi inaweza kufa kabla `apply` haijaandika, na hesabu ikabaki sifuri milele. `commit` husubiri maandishi yafike kwenye hifadhi ndipo iendelee.

Ndani ya hali salama, huduma zote mpya zimezimwa, vifurushi vya kampuni nyingine haviamshwi, na kazi ya kwanza ni kuiuliza seva mipangilio na kungoja jibu. Mtu anaona ukurasa wa kawaida, labda bila matangazo na bila picha, lakini anaweza kulipa. Njia hii ina gharama: mtu anayefungua na kufunga haraka mara mbili atapelekwa hali salama bila sababu. Atakosa mapambo kwa mara moja, basi.

Turudi sasa kwenye jioni ya Mei 2020. Mistari michache ya namna hiyo, iliyowekwa kabla ya kifurushi cha Facebook kuamka, ingeweza kuiwezesha Spotify au Venmo kufunguka katika jaribio la tatu. Ngazi za asilimia hazikuweza kusaidia kwa sababu zinalinda mlango wa duka la programu tu. Badiliko lile lilipita mlango wa seva.

Swichi nayo ni toleo

Hapo ndipo penye hatari ambayo hata wazoefu huisahau. Mipangilio inayotoka kwenye seva hubadilisha tabia ya aplikesheni sawa kabisa na msimbo mpya, na inaweza kufika kwa watu wote kwa wakati mmoja.

Machi 2021 Google yenyewe ilionja. Tarehe 22 mwezi huo simu nyingi za Android zilianza kufunga aplikesheni zake, Gmail ikiwemo. Tatizo lilikuwa ndani ya WebView, sehemu ya Android inayotumiwa na aplikesheni nyingi kuonyesha kurasa za tovuti. Watu walishauriana kuondoa masasisho ya WebView kwenye mipangilio ya simu, na wengi wakapona kwa njia hiyo. Google ilitoa WebView na Chrome za toleo la 89.0.4389.105 ili kurekebisha, na ilieleza kwamba hitilafu ilikuwa kwenye mfumo wa majaribio na mipangilio wa Chrome na WebView. Mfumo huo ndio unaotumika kuwasha na kuzima mambo kwa mbali.

Ndiyo maana mipangilio nayo inastahili ngazi zake: asilimia 1, kusubiri, kuongeza. Na msimbo unaoisoma unastahili kuishuku. Seva ikituma orodha mahali pa neno, au ikatuma utupu, aplikesheni ichukue mipangilio ya mwisho iliyofanya kazi na kuendelea.

Kuzima tu ndiko kunakoweza kuruka ngazi, kwa sharti moja: njia ya kuzima iwe imejaribiwa. Huduma ikizimwa, je, ukurasa wa nyuma yake bado upo? Kanzidata iliyopanuliwa na toleo la 101 inasomeka bila huduma hiyo? Timu ikishindwa kujibu, swichi yake inaweza kugeuza aplikesheni inayoanguka kwa asilimia 5 ya watu kuwa inayoanguka kwa wote.

Gharama ya aliyefikiwa

Katika Afrika Mashariki, ambako Android imetawala na simu za Tecno, Infinix na itel zimejaa mikononi, hesabu ya toleo bovu ina mistari ambayo watengenezaji wa Ulaya na Marekani hawalazimiki kuiandika.

Aliyepakua toleo la 101 la MB 40 kwa bando lake, kisha akalazimika kupakua la 102 la MB 40 ili aplikesheni ifunguke, amelipia kosa la mtu mwingine mara mbili. Hakuombwa ridhaa ya kuwa katika ile asilimia 1. Na kama aplikesheni ni ya pesa, huenda alikuwa amesimama kwenye foleni ya duka la dawa ilipojifunga.

Wapo pia ambao hawamo kwenye asilimia yoyote. Wamerushiwa faili la aplikesheni na rafiki kwa Bluetooth ili kuokoa bando. Kitufe cha kusimamisha cha Google Play hakiwahusu hata kidogo, kwa sababu simu zao hazikulipata toleo kutoka dukani. Swichi ya seva na ile hesabu ya ndani ya simu ndizo pekee zinazowafikia, kwa kuwa zimo ndani ya faili lenyewe.

Kwa sababu hiyo, timu inayotengenezea soko hili isiiachie bahati nasibu ichague simu zote za kwanza. Iweke mezani simu chache za GB 2 zilizojaa picha na video kama zilivyo za watu, laini ya kawaida, mtandao wa 3G. Kabla toleo halijaenda kwa asilimia 1, iwashe kasoro ya makusudi inayoiua aplikesheni mlangoni, izime huduma kutoka kwenye seva, na ishike saa. Iandike ni dakika ngapi zilipita mpaka simu ya mwisho pale mezani ikafungua ukurasa wa malipo, na ni simu ipi haikufungua kabisa.